Malipo ya 10,000: Jinsi ya Kusema Asante Bila Kujigamba

Siku moja unafungua stetimenti ya Till yako na kukuta umepokea malipo ya 10,000 tangu uanze. Unafurahi, na ni haki yako. Unataka kuweka picha kwenye Instagram na Facebook, zile ambazo mteja anatelezesha kidole kuona inayofuata. Wengi huziita karoseli. Lakini ukikaa kuandika, kila sentensi inasikika kama majivuno.

Hebu tuchukue mfano wa hoteli ndogo Kakamega, barabara ya kwenda Webuye, karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Mwenyewe ni mama anayeuza ugali na kuku wa kienyeji. Ana mpishi mmoja, wahudumu wawili na mtu wa boda anayemletea kuku kutoka Shinyalu. Tutamtengenezea karoseli yake hatua kwa hatua.

Kwanza, hakikisha namba ni ya kweli

Malipo 10,000 si wateja 10,000. Mwanafunzi anayekula hapo mara tatu kwa wiki amehesabiwa mara tatu kila wiki. Meza ya watu wanne ikilipiwa na mmoja, stetimenti inaonyesha malipo moja tu. Na waliolipa kwa keshi hawamo kabisa. Kwa hiyo mama akiandika "Wateja 10,000!" atakuwa amesema jambo asiloweza kulithibitisha, na watu wa mtaa wanaojua ukubwa wa hoteli yake watacheka.

Toa pia malipo yaliyorudishwa. Kama kwenye 10,000 kuna 40 ambayo wateja walirudishiwa pesa kwa sababu walikosea Till, umebaki na 9,960. Subiri siku chache zaidi. Sentensi iliyo salama ni hii: "Mmetulipa kwa Till mara 10,000." Hiyo ndiyo stetimenti inasema, na haizidi hapo.

Usitaje jumla ya pesa. Mteja anayekula sahani moja kwa taabu hafurahii kusoma mamilioni yako, na mwizi naye anasoma.

Tazama mwanzo wa kitenzi

Kiswahili kinakusaidia hapa. Majivuno mara nyingi hujificha kwenye "tu-": tumefika, tumeshinda, tumekuwa namba moja. Shukrani hukaa kwenye "m-": mlikuja, mlisubiri, mlitulipa. Andika maneno yako yote kwenye karatasi, kisha hesabu. Kama "tu-" ni nyingi kuliko "m-", umejisifu bila kujua.

Mama aliandika hivi mara ya kwanza: "Tumekuwa hoteli bora ya kuku Kakamega." Nani amepima? Tukibadilisha: "Mlitujua tukiwa na meza tatu, na mkarudi." Habari ni ileile, kwamba biashara imekua, ila sasa mwenye sifa ni mteja.

Slaidi sita zinatosha

Instagram inaruhusu hadi picha 20 kwenye karoseli moja, lakini hakuna atakayefika ya 20. Tumia sita. Tengeneza zote kwa kipimo kimoja, pikseli 1080 kwa 1350, maana picha ya kwanza ndiyo huamua umbo la zote. Ya pili ikiwa ndefu kuliko ya kwanza, maneno ya juu na ya chini yatakatwa.

1. "Mulembe! Mmetulipa kwa Till mara 10,000." Maneno hayo tu, juu ya picha ya sahani.
2. Picha ya zamani ya zile meza tatu, na mwaka mlioanza. Iandike ieleweke hata peke yake, kwa sababu Instagram inaweza kumwonyesha mtu slaidi ya pili kama aliipita ya kwanza.
3. Timu. Taja kazi mtu anayofanya, si sifa zake. "Anawasha moto saa kumi na moja asubuhi" inamheshimu mpishi kuliko "mfanyakazi wetu hodari". Usimsahau wa boda. Bila yeye hakuna kuku.
4. Wateja, kwa vile mnavyowajua: wanafunzi wa mwisho wa mwezi, madereva wa matatu, wazazi wa siku ya mahafali.
5. Jambo moja mlilokosea. "Kuna siku kuku waliisha saa saba mchana, na mkakubali maharagwe. Sasa tunaagiza wengi zaidi Ijumaa." Slaidi hii ndiyo inaondoa harufu ya majivuno, kwa sababu anayejigamba hakubali kosa. Ila liwe kosa ambalo mmeshaanza kulirekebisha.
6. Zawadi ndogo yenye mpaka: "Ijumaa hii, vikombe 100 vya kwanza vya chai ni vya bure." Taja siku na idadi, usije ukagombana na mtu wa 101.

Kwenye WhatsApp Status hakuna karoseli. Utaziweka moja moja kwa mpangilio, na zitapotea baada ya saa 24. Ndiyo maana tarehe ya zawadi iandikwe kwenye picha yenyewe, isiwe kwenye maelezo ya chini peke yake.

Uso wa mtu si mapambo

Hapa ndipo biashara nyingi huumia. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi. Mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule moja nayo ilitozwa 4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila ridhaa ya wazazi.

Kwa hiyo mwulize mteja kabla, na umwambie picha inaenda wapi. Ujumbe mfupi wa WhatsApp, "Naomba kuweka picha hii Instagram na Facebook yetu, unakubali?", ukijibiwa, unabaki kama ushahidi. Akibadilisha nia kesho, itoe. Mfanyakazi naye mwulize faraghani, kwa sababu mbele ya wenzake hawezi kukataa bosi. Asiyetaka uso wake uonekane, piga picha ya mikono yake ikikanda unga. Mara nyingi inapendeza hata zaidi.

Na tafadhali, usiweke skrinshoti ya stetimenti kama ushahidi wa 10,000. Ina majina ya watu, kiasi walicholipa na saa waliyolipa. Wao walikupa hayo ili wale, si ili mtaa usome.

Funga mlango wa matapeli

Posti ya zawadi inavutia matapeli. Mtu hunakili slaidi zako, anafungua ukurasa wenye jina linalofanana na lako, kisha anawaandikia wateja: "Umeshinda, tuma 200 ya usajili." Ziba pengo hilo mapema kwa mstari mmoja kwenye slaidi ya sita: "Chai unaipata hapa hotelini tu. Hatuombi pesa, wala PIN, wala kodi ya siri iliyotumwa kwa simu."

Till usiiandike kwenye karoseli. Tapeli akiibadilisha tarakimu moja, mteja hatagundua. Iache ibaki pale kaunta, ambapo anayelipa anasoma jina la biashara yako kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo.

Kabla ya kubonyeza kutuma, mwonyeshe mpishi slaidi zote sita. Kama kuna mahali amekunja uso, rekebisha hapo kwanza.