Mteja Anapoikataa Ankara ya Kazi ya Ziada

Chukua mfano wa mbunifu wa tovuti jijini Dar es Salaam aliyeafikiana na mteja kurasa 5 kwa shilingi 1,500,000. Katikati ya kazi, mteja akaomba kwa WhatsApp aongezewe duka la mtandaoni. Ankara ilipokuja na nyongeza ya 600,000, akagoma kulipa.

Rasimu ya kwanza ya jibu ilifoka: "Mlijua fika hii haikuwemo." Inamshutumu mteja bila kumwonyesha chochote.

Baada ya kusafishwa ikawa: "Kipengele cha 2 cha mkataba kinataja kurasa 5. Duka mliliomba tarehe 14 Machi. Nimeambatisha ujumbe wenu. Naomba mlipe 1,500,000 isiyobishaniwa, kisha tuzungumzie 600,000 Alhamisi."

Hata hivyo, ujumbe huo unathibitisha ombi, si bei. Kama bei haikutajwa mapema, mbunifu aambatishe mchanganuo wa saa alizotumia, na awe tayari kupatana.