Mbegu ya Mahindi (Sehemu ya Pili): Lebo Inasema Nini, na Inanyamazia Nini

Wiki iliyopita tulizungumzia kuchagua aina ya mbegu. Tuliona kwamba H614, inayosifiwa sana Trans Nzoia, ni mbegu ya nyanda za juu na hukaa shambani zaidi ya miezi mitano, kwa hiyo mkulima wa Kaloleni au Malindi hana haja nayo hata akipewa bure. Kwa mwambao wa Kenya tulitaja PH4, chotara iliyokusudiwa maeneo ya kuanzia usawa wa bahari hadi kama mita 1,200, inayokomaa kwa miezi mitatu hadi minne. Leo tuchukulie kwamba umekwisha kuamua. Umesimama kwenye kaunta ya agroveti, pakiti ya kilo mbili iko mkononi, na masika yanakaribia. Utajuaje kama kilichomo ndicho kilichoandikwa nje?

Tuanze na maandishi. Kila pakiti ya mbegu iliyothibitishwa hutaja zao, jina la aina, uzito, kampuni, tarehe ya kupimwa na namba ya loti. Wengi husoma jina la aina na kuishia hapo, ilhali la maana kuliko yote ni ile namba ya loti. Loti ni shehena moja ya mbegu iliyosafishwa, ikachanganywa, ikachukuliwa sampuli na kupimwa kwa pamoja. KEPHIS, taasisi ya serikali inayokagua afya ya mimea na ubora wa mbegu, haipimi pakiti moja moja. Hupima sampuli ya loti, na matokeo yake ndiyo yanayobebwa na maelfu ya pakiti zilizojazwa kutoka katika loti hiyo. Bila namba ya loti, pakiti haina ukoo, na hakuna anayeweza kukwambia ilipimwa lini wala ilifaulu kwa kiasi gani.

Ili mahindi yaitwe mbegu iliyothibitishwa, mambo makubwa yanayopimwa maabara ni matatu: usafi usiopungua asilimia 99, uotaji usiopungua asilimia 90, na unyevu usiozidi asilimia 13. Usafi maana yake ni kwamba karibu kila kilichomo ni punje za mahindi, si takataka wala mbegu za magugu. Kama aina ni halisi au la ni jambo jingine, ambalo hukaguliwa shambani wakati mbegu inazalishwa, kabla haijafika maabara. Uotaji unaeleweka. Unyevu ndio usiotiliwa maanani, nao, kama tutakavyoona, ndio unaoamua mengi hapa pwani.

Sasa itazame stika ya KEPHIS iliyobandikwa kwenye pakiti. Ina sehemu ya kukwangua kama kadi ya simu ya zamani, na chini yake kuna namba ya siri. Ikwangue, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 1393. Jibu likirudi, watu wengi huona neno la kuthibitisha, wakafurahi na kuweka simu mfukoni. Hapo ndipo tapeli anapopenyea. Namba ya kweli inaweza kutoka kwenye stika ya kweli iliyobanduliwa kutoka pakiti nyingine. Kwa hiyo kazi haijaisha jibu linapofika. Linganisha jina la aina na namba ya loti zilizo kwenye simu na zile zilizochapishwa kwenye pakiti, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, rudisha pakiti hapohapo, na usikubali maelezo ya mwenye duka kwamba ni makosa ya kiwandani. Ukinunua pakiti tano, zikague zote tano. Zikiwa za loti mbili tofauti si kosa, lakini uzitenge, kwa sababu zinaweza kuota kwa viwango tofauti.

Fanya ukaguzi huu kwenye kaunta, kabla hujalipa. Muuzaji anayekunja uso kwa sababu mteja anakwangua stika mbele yake ameshajieleza.

Rangi nayo isikudanganye. Mbegu nyingi za mahindi hupakwa dawa ya ukungu na wadudu iliyochanganywa na rangi, ili mtu asizile kwa bahati mbaya. Rangi hiyo si alama ya ubora, na mwenye nia mbaya anaweza kuinunua na kuchovya mahindi ya kula. Mimina punje kidogo kiganjani uziangalie. Mbegu ya kiwandani imechekechwa, kwa hiyo punje za pakiti moja hukaribiana kwa ukubwa na umbo. Ukikuta bapa, mviringo, kubwa na ndogo zimechanganyika, nyingine zimevunjika na nyingine zina matundu ya fukusi, hayo ni mahindi ya gunia yaliyovishwa nguo. Kisha nawa mikono, maana dawa ile ni sumu.

Tuseme yote yamekwenda sawa: stika ni ya kweli na loti inalingana. Bado lebo imesema jambo moja tu, yaani kwamba siku ile ya kupimwa, mbegu hii ilikuwa nzuri. Inanyamaza kuhusu miezi iliyopita tangu siku hiyo. Kwa maoni yangu, mkulima wa pwani anaibiwa zaidi katika ukimya huo kuliko na matapeli. Nchini Uganda, watafiti waliifuata mbegu ya mahindi hatua kwa hatua katika njia yake ya kwenda sokoni na kuipima vinasaba, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2020. Hawakukuta uchakachuaji wa kiasi ambacho watu huamini. Kidole kilielekea zaidi kwenye utunzaji mbaya na ghala mbovu.

Sababu yake inajulikana. Mbegu ni kitu hai kilicholala, na kinacholinda usingizi wake ni ukavu na ubaridi. Wataalamu wa hifadhi ya mbegu wana kanuni ya kukadiria: kila unyevu wa mbegu unapopanda kwa asilimia moja, maisha yake hupungua kwa nusu, na kila joto la ghala linapopanda kwa kama nyuzi tano za Selsiasi, hupungua kwa nusu tena. Sasa fikiria pakiti iliyotoka katika ghala lenye nyuzi 20, ikafika katika duka la mabati huko Kilifi ambamo joto la mchana ni nyuzi 35. Tofauti ni nyuzi 15, yaani nusu ya nusu ya nusu. Mbegu ambayo ingedumu miezi 24 kule ilikotoka inabakiwa na kama mitatu. Ikiwa pakiti ni ya karatasi na hewa ya bahari imeipenya, hata hiyo mitatu haifiki. Kanuni hii ni ya kukadiria tu, si ya kumshitakia mtu, lakini inaeleza kwa nini mbegu ileile huota vizuri Kitale na ikasuasua Malindi.

Kwa hiyo unapochagua duka, chagua ghala. Angalia mbegu zimewekwa wapi. Je, ziko barazani zinapigwa na jua kama bango la biashara, zimerundikwa sakafuni kwenye saruji, zimepakana na mifuko ya mbolea na chupa za dawa za magugu? Au ziko ndani, juu ya mbao, penye kivuli na hewa? Uliza: loti hii uliipokea lini? Anayejua kazi yake atajibu mara moja au atafungua daftari. Uliza pia leseni ya KEPHIS ya kuuza mbegu, uone kama haijapitwa na muda. Duka lenye wateja wengi, ambamo mbegu haikai muda mrefu, ni afadhali kuliko duka zuri lenye mzigo uliobaki tangu vuli. Na yule anayefungua pakiti na kukupimia kwa kibaba, hata akiwa jamaa yako, mwache. Mbegu ikishatolewa kwenye pakiti imeachana na lebo yake.

Hatua ya mwisho unaifanya nyumbani, nayo ndiyo pekee inayopima mbegu yako, leo, hapa ulipo. Nunua wiki mbili au tatu kabla ya mvua. Changanya mbegu za loti moja, kisha hesabu punje 100 bila kuchagua nzuri. Ni kama gramu 40 tu, hasara isiyouma. Zipange kwenye karai la mchanga safi wenye unyevunyevu usiotiririka maji, uzifukie kidogo, uliweke kivulini na kuulinda mchanga usikauke. Siku ya saba hesabu miche iliyo kamili, yenye mzizi na chipukizi vilivyo sawa. Usihesabu iliyochungulia tu ikakwama, iliyokatika mzizi, wala iliyooza kwa ukungu. Mabaki usiwape kuku.

Namba utakayopata isomwe kwa busara. Maabara hutumia punje 400 kwa sababu punje 100 huyumba. Mbegu yenye uotaji wa asilimia 90 inaweza kukupa 85 leo na 94 kesho bila mtu kuidhuru. Kwa hiyo ukipata 85, panda. Ukipata 78, rudia kwa punje nyingine 100, na ikitoka hivyohivyo una jambo la kwenda kulizungumza dukani.

Jambo lenyewe ni kubwa kiasi gani? Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25, mmea mmoja kila shimo, inahitaji mimea kama 21,500. Kilo kumi, tukikadiria punje 2,500 kwa kilo, zina punje 25,000. Uotaji ukiwa asilimia 90 unapata mimea 22,500, na shamba limejaa. Ukiwa asilimia 70 unapata 17,500, na mashimo 4,000 yamebaki tupu. Hata kila mhindi ukikupa gramu 100 tu za punje, umepoteza kilo 400, yaani zaidi ya magunia manne ya kilo 90, na mbolea uliyoitia kwenye mashimo hayo imekwenda bure. Unaweza kufidia kwa kuongeza mbegu, lakini mbegu iliyochoka haikosi kuota tu, hata inayoota hutoka kwa unyonge na kushindwa na ukame wa wiki ya kwanza. Chini ya 80, mimi ningerudisha.

Ili uweze kuirudisha, tunza risiti, pakiti tupu, stika iliyokwanguliwa, na konzi mbili za mbegu ambazo hukuzipanda, kwenye chupa kavu yenye kifuniko, mpaka uvune. Muuzaji akikataa kukusikiliza, peleka vitu hivyo ofisi ya KEPHIS iliyo karibu. Mkaguzi akipewa namba ya loti anaweza kurudi kwenye rekodi za maabara, akatafuta pakiti nyingine za shehena hiyo madukani na kuzipima. Malalamiko yasiyo na namba ya loti hayana pa kuanzia.

Wiki ijayo: mbegu ya kunde na pojo, ambayo wengi wetu huipata kwa jirani badala ya dukani, na jinsi ya kuikagua ikiwa haina lebo yoyote.