Sura ya Saba: Lalamiko, Swali na Ombi Katika Ujumbe Mmoja

Ujumbe ufuatao ni wa mfano, lakini yeyote aliyewahi kukaa dawati la huduma kwa wateja la mamlaka ya maji atautambua mara moja. Umetumwa na mama mmoja kwa WhatsApp tarehe 14 ya mwezi, bila namba ya akaunti na bila picha.

"Habari za kazi. Jamani bili ya mwezi huu imenishtua, uniti 66 wakati mimi kila mwezi natumia 15 au 16, sasa hayo maji nimeyapeleka wapi? Hivi msoma mita alikuja kweli au mnakaa ofisini mnaandika tu, maana mimi sikumwona na geti huwa nafunga, na leo nimeangalia mwenyewe mita inasoma 1,503 wakati bili inasema 1,548, na nimeambiwa tarehe 25 mnakata, nina mgonjwa ndani, naomba mnisaidie maana hata mwaka jana mlichelewa kuziba bomba la barabarani tukakaa wiki nzima na tope. Mnaweza kweli kumkatia mtu maji kwa kosa lenu? Naomba majibu."

Mama huyu ana hoja nzito, na ushahidi anao. Hata hivyo jibu atakalopata linatabirika: "Pole kwa usumbufu. Mteja asiyelipa ankara kwa wakati husitishiwa huduma." Karani hakuwa na nia mbaya. Alisoma harakaharaka, macho yakatua kwenye swali la mwisho, akalijibu hilo. Usomaji wa 1,503, ambao peke yake ungetosha kuifuta ankara, umefukiwa katikati ya sentensi ndefu, kati ya geti na mgonjwa.

Ujumbe wa aina hii hubeba mambo matatu, na kila moja humpa msomaji kazi yake. Lalamiko humwambia kuna jambo limekwenda kombo. Kazi yake ni kulihakiki na kuliandikisha. Swali humtaka taarifa ambayo mwandishi hana, naye akishaitoa kazi imekwisha. Ombi humtaka atende jambo au aruhusu litendwe, na mara nyingi karani hana mamlaka hayo; hulipeleka kwa msimamizi wa ankara au kwa fundi. Yakichanganywa, msomaji huchagua lililo jepesi kulijibu. Ndiyo maana kila moja lipewe aya yake.

Kuzigawa sentensi si kazi ya kuangalia alama ya kiulizo ilipo. "Sasa hayo maji nimeyapeleka wapi?" ina kiulizo, lakini mama hangoji kuambiwa maji yalikwenda wapi. Hilo ni lalamiko lililovaa nguo ya swali. "Mnaweza kweli kumkatia mtu maji kwa kosa lenu?" nalo si swali, ndani yake kuna ombi ambalo halijatamkwa: msinikatie. Kinyume chake, "Hivi msoma mita alikuja kweli au mnakaa ofisini mnaandika tu" ni tuhuma ukiitazama kijuujuu, lakini imebeba swali la kweli, tena la maana kuliko yote: usomaji ulioandikwa kwenye ankara ulichukuliwa kwenye dira, au ni makadirio? Msoma mita akikuta geti limefungwa, matumizi huweza kukadiriwa kutokana na miezi iliyopita, na mteja ana haki ya kujua lipi lilifanyika.

Anayeandikiwa mtu mwingine ujumbe, awe jirani, mtoto aliye chuoni au kijana wa duka la steshenari anayechapa barua, asijiamulie mwenyewe. Amuulize mwenye shida: "Mama, hili unataka wakujibu, au unawasema tu?" Akisema "Nawasema," sentensi hiyo inahamia kwenye lalamiko na kupoteza kiulizo chake. Akisema anataka jibu, inabaki swali, na tuhuma inaondolewa ili jibu litoke bila ugomvi.

Ombi ndilo husumbua zaidi, kwa sababu adabu yetu imelisambaza neno "naomba" kila mahali. "Naomba kujua" ni swali. "Naomba majibu" haisemi majibu ya nini. "Naomba mnisaidie" haimpi karani kazi yoyote. Anaweza kuandika "Tunalifanyia kazi" na akawa amesaidia. Ombi la kweli hutaja tendo, mtendaji na siku: msome dira upya kabla ya tarehe 25. Kipimo chake ni rahisi. Jiulize kama siku hiyo ikifika utaweza kusema bila ubishi kwamba limetekelezwa au halikutekelezwa. Usipoweza, bado hujaomba kitu.

Yanabaki mambo mawili yaliyokosa pa kukaa. Mgonjwa aliye ndani si sehemu ya lalamiko, kwa kuwa hathibitishi kwamba ankara ina kosa; yeye ni sababu ya kutokata maji, hivyo anakwenda kwenye aya ya ombi, mahali ambapo atakuwa na uzito. Bomba la mwaka jana litoke kabisa. Lilizibwa, na likibaki litampa karani jambo la kujibu lisilodaiwa. Hapa mwenye ujumbe hukataa, kwa kuwa tope lile lilimuuma kweli. Kama bado anataka lijulikane, aandike ujumbe mwingine siku nyingine.

Baada ya kupanga, ujumbe unasomeka hivi:

"Habari za kazi. Namba yangu ya akaunti iko kwenye picha ya ankara niliyoambatanisha, pamoja na picha ya dira niliyopiga leo.

Nalalamikia ankara ya tarehe 5 mwezi huu. Inaonyesha dira ilitoka 1,482 ikafika 1,548, yaani uniti 66. Leo tarehe 14 asubuhi dira inasoma 1,503, chini ya usomaji ulioandikwa siku tisa zilizopita. Matumizi yangu ya kawaida ni uniti 15 au 16 kwa mwezi. Jambo hili limenikera, kwa sababu nalipa kila mwezi bila kuchelewa.

Swali langu ni hili: usomaji wa 1,548 ulichukuliwa kwenye dira yangu, au ulikadiriwa? Kama ulichukuliwa, ilikuwa tarehe ngapi?

Naomba mambo mawili. Kwanza, msome dira upya na kunitolea ankara iliyorekebishwa kabla ya tarehe 25. Pili, msinikatie maji mpaka ankara hiyo itoke, kwa sababu nina mgonjwa nyumbani. Niko tayari kulipia uniti 16 sasa hivi wakati mnahakiki."

Hasira haikufutwa. Imepewa sentensi moja, mwishoni mwa aya ya lalamiko, na inasikika vizuri zaidi ikiwa imetanguliwa na namba. Hesabu nayo inajitetea: kutoka 1,482 hadi 1,503 ni uniti 21 kwa takriban siku 40, na hiyo inakaribiana kabisa na 15 au 16 za kila mwezi. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo ankara ilikuwa inadai lita 66,000 kutoka nyumba inayotumia kama robo ya hizo.

Tazama pia kwamba ombi la kwanza halitegemei jibu la swali. Usomaji uwe ulikadiriwa au ulinakiliwa vibaya, dawa ni ileile: kusoma upya. Mara nyingi haiwi rahisi hivyo, na hapo ndipo kutenganisha aya kunapohitaji akili zaidi.

Tuseme mama alipokwenda kwenye dira alikuta inasoma 1,566. Sasa ankara haijapingwa na kitu chochote, na aya ya lalamiko haiwezi kusema kwamba namba imekosewa. Inaweza kusema tu kwamba matumizi yamepanda mara nne bila sababu anayoijua. Kabla ya kuituma, afunge mabomba yote usiku, aandike namba za dira pamoja na zile nyekundu za mwisho, aangalie tena asubuhi kabla mtu hajafungua maji. Zikiwa zimesogea, kuna mvujo upande wake, labda kwenye tangi la choo au bomba lililofukiwa uani. Kwa kawaida mabomba yaliyo baada ya dira ni jukumu la mteja, hivyo lalamiko dhidi ya mamlaka halina mguu, na kinachobaki ni ombi la kulipa kwa awamu. Zisiposogea, mashaka yanarudi kwenye dira au kwenye usomaji, na ombi sasa linaning'inia kwenye jibu la swali. Liandikwe likiwa na matawi yake: "Ikiwa usomaji ulikadiriwa, naomba dira isomwe upya. Ikiwa ulichukuliwa kwenye dira, naomba dira yenyewe ipimwe." Bila matawi hayo, ofisi italijibu swali kisha ikanyamaza, na mama atalazimika kuanza upya huku tarehe 25 ikikaribia.

Mpangilio wa aya hubadilika kulingana na haraka iliyopo. Lalamiko hutangulia kwa kuwa swali na ombi havieleweki bila habari yake. Lakini maji yakiwa yanakatwa kesho, ombi la kutokata lipande juu, mara baada ya salamu, na habari ifuate. Salamu isiachwe; sentensi moja inatosha. Kwenye barua rasmi mstari wa YAH: usaidie kazi hiyohiyo. "YAH: LALAMIKO LA ANKARA YA TAREHE 5 NA OMBI LA KUSOMWA DIRA UPYA" unamwelekeza mtu wa masijala mahali pa kuipeleka barua, wakati "YAH: MALALAMIKO" unaiacha mezani.

Wapo wanaodhani kwamba kutenganisha ni kutuma jumbe tatu fupi mfululizo. Nawashauri wasifanye hivyo. Kwenye simu ya ofisi jumbe za wateja wengine huingilia katikati, na karani hujibu ile ya mwisho tu. Aya tatu ndani ya ujumbe mmoja hubaki pamoja hata zikipelekwa kwa mtu mwingine. Kwa SMS ya kawaida, yenye herufi 160, aya tatu hazienei. Hapo tuma ombi na ushahidi mmoja ulio imara, kisha omba pa kupeleka mengine.

Aya ya lalamiko ina faida nyingine inayoonekana baadaye. Tanzania Bara, mteja asiyeridhika na mamlaka ya maji anaweza kwenda EWURA, lakini kwanza anatakiwa awe amelalamika kwa mamlaka yenyewe. Aya inayosimama peke yake, yenye tarehe, namba mbili za dira na picha, ndiyo itakayoonyesha alilalamika lini na kuhusu nini. Ujumbe wa mwanzo usingeonyesha hivyo, kwa sababu hata msomaji makini angebishana kama lalamiko lilikuwa ankara, msoma mita au tope.

Jibu likifika, lisomwe likiwa limewekwa kando ya aya zile tatu. Mara nyingi ofisi itasema fundi atakuja Alhamisi kusoma dira, na haitasema neno kuhusu makadirio wala kukatwa maji. Mteja asiandike ujumbe mpya wenye maelezo yote tangu mwanzo. Ashukuru kwa ahadi ya Alhamisi, anakili swali lake lilelile na ombi la pili kwa maneno yaleyale, aongeze: "Haya mawili niliyaandika tarehe 14 na bado sijajibiwa."