Nauli ya daladala: kiti kitupu kinauma kuliko mafuta

EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Lita ikipanda shilingi 300, konda naye anataka nauli ipande shilingi 100. Je, hesabu inamuunga mkono? Tuipige.

Tuchukue haisi ya mfano yenye viti 15 vya abiria, kwenye njia ya kilomita 10, umbali unaokaribia wa katikati ya Mbeya hadi Uyole. Kwa siku inapiga tripu 16, yaani kilomita 160. Ikienda kilomita 8 kwa lita, inakula lita 20. Tuseme lita ni shilingi 3,000: mafuta ni 60,000.

Halafu kuna gharama ambazo hazijali umbali. Hesabu ya tajiri 50,000, posho ya dereva na konda 30,000, ushuru na vinginevyo 4,000. Jumla ya siku ni 144,000. Gawa kwa tripu 16, unapata 9,000 kwa tripu. Gawa kwa abiria 15, unapata 600, sawasawa na kikomo ambacho LATRA iliweka Desemba 2023 kwa daladala za hadi kilomita 10.

Sasa pandisha lita hadi 3,300. Gharama inaongezeka 6,000 kwa siku, sawa na 375 kwa tripu, au shilingi 25 kwa kila abiria. Sio 100! Mafuta yamepanda asilimia 10, lakini kwa kuwa ni sehemu tu ya gharama, nauli inahitaji kupanda kama asilimia 4.

Linganisha na kiti kimoja kitupu kila tripu: 600 mara 16 ni 9,600 kwa siku. Kinauma kuliko lile ongezeko la mafuta. Ndiyo maana gari haling'oki stendi mpaka lijae. Mwanafunzi anayelipa 200 anaacha pengo la 400. Watatu kwa tripu ni 1,200, na hapo unaelewa kwa nini konda anawakwepa asubuhi. Pengo hilo linazibwa pale abiria anaposhuka njiani na mwingine akapanda: kiti kimoja kinauzwa mara mbili.

Iringa inaongeza jambo jingine: mlima. Kutoka Ipogolo kupanda mjini, injini inafanya kazi gia ndogo. Gari letu likishuka hadi kilomita 6 kwa lita, kilomita zilezile 160 zinakula karibu lita 27, na mafuta yanafika kama 80,000. Hiyo ni zaidi ya shilingi 80 kwa kila abiria, bila bei ya pampu kubadilika. Lakini kikomo cha LATRA kinaangalia kilomita, hakiangalii mwinuko.

Kwa hiyo konda akisema "mafuta yamepanda", muulize mambo mawili: yamepanda shilingi ngapi kwa lita, na kila tripu anabeba wangapi wanaolipa nauli kamili? Jibu la pili ndilo zito.