Tarehe Tatu katika Barua ya Mwalimu

"Mwanangu hakufika shuleni jana na juzi kwa kuwa alikuwa anaumwa. Naomba asamehewe." Walimu wa shule za msingi hupokea barua za namna hii kila mara, nyingine zikiwa kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari. Si barua mbaya, maana inatosha kumwondoa mtoto kwenye orodha ya watoro. Lakini kama mtoto aliugua mafindofindo, kuna jambo kubwa ambalo mwalimu hajaambiwa: mwanafunzi amerudi kwenye dawati lake, ila matibabu yake bado yanaendelea.

Mafindofindo, ambayo wengi mtaani huyaita tonsesi, ni kuvimba kwa vinyama viwili vilivyo kulia na kushoto mwa koo, nyuma ya ulimi. Vinyama hivyo husaidia mwili kukabili vijidudu vinavyoingia kwa mdomo na pua. Vikizidiwa huvimba na kuwa vyekundu, homa hupanda, na mtoto hukataa hata uji kwa sababu kila anachomeza kinamchoma. Mara nyingi chanzo ni virusi. Hapo antibayotiki hazina kazi yoyote. Mtoto hupewa dawa ya kushusha homa kulingana na uzito wake, maji ya kutosha, chakula laini na mapumziko, na kwa kawaida hupona ndani ya wiki moja.

Kuna aina ya pili, ile inayoletwa na bakteria aitwaye streptokoka, na huwapata zaidi watoto wa umri wa kwenda shule. Daktari huanza kuishuku anapoona homa inayofika nyuzi 38 au zaidi, mabaka meupe ya usaha kwenye mafindo, na matezi ya shingoni yaliyovimba na kuuma yakiguswa, huku mtoto hakohoi wala hana mafua. Kikohozi na kamasi huelekeza zaidi kwenye virusi. Penye maabara inayofaa, huchukuliwa ute wa kooni kwa kijiti cha pamba ili kuhakikisha. Kwa kuwa homa katika nchi yetu inaweza kuwa ya mambo mengi, mtoto hupimwa malaria pia, na ni vizuri iwe hivyo.

Tuchukue mfano wa mtoto wa Darasa la Tatu, tumwite Neema. Jumapili usiku amelala na homa, Jumatatu asubuhi hawezi kumeza mate. Kituo cha afya wanamkuta na dalili zote za streptokoka. Anaandikiwa amoksilini ya kunywa mara mbili kwa siku kwa siku 10, na daktari anasema apumzike nyumbani siku tatu. Siku hiyo hiyo mzazi anampigia mwalimu wa darasa simu au kumtumia ujumbe mfupi, ili mwalimu asikae akijiuliza mtoto yuko wapi. Alhamisi Neema anarudi shuleni akiwa na barua hii:

S.L.P. ……,
Dodoma.
5 Februari 2026.

Mwalimu wa Darasa la Tatu B,
Shule ya Msingi ……,
S.L.P. ……,
Dodoma.

YAH: KUTOHUDHURIA MASOMO KWA MWANAFUNZI NEEMA ……, DARASA LA TATU B

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwanangu aliyetajwa hakuhudhuria masomo kuanzia Jumatatu tarehe 2 hadi Jumatano tarehe 4 Februari kwa sababu ya ugonjwa wa mafindofindo. Tulimpeleka kituo cha afya Jumatatu, na daktari akaagiza apumzike nyumbani kwa siku tatu. Nakala ya cheti cha daktari nimeiambatisha.

Leo amerudi. Hajapata homa tangu Jumanne jioni. Hata hivyo, anaendelea na dawa asubuhi na jioni mpaka Jumatano tarehe 11 Februari, na zote atazinywea nyumbani. Daktari ameshauri asikimbie mchakamchaka wala kushiriki michezo mpaka Jumatatu tarehe 9 Februari. Naomba pia aruhusiwe kunywa maji mara kwa mara kutoka kwenye chupa yake.

Naomba kujulishwa masomo na majaribio aliyokosa ili tumsaidie nyumbani. Akipata homa tena au akishindwa kumeza, tafadhali nipigie kwa namba …….

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,
(sahihi)
Mzazi wa Neema

Barua haizidi ukurasa mmoja, na haimwagi siri za mtoto. Majibu ya maabara na historia ya magonjwa ya nyumbani si mambo ya kumwandikia mwalimu. Jina la ugonjwa na maagizo ya daktari yanatosha. Uzito wa barua hii uko kwenye tarehe zake tatu: siku mtoto alipoanza kukosa masomo, siku aliyorudi, na siku dawa itakapokwisha.

Tarehe ya kwanza ni ya daftari la mahudhurio. Inapolingana na cheti cha daktari, mwalimu hana la kuuliza. Isipolingana, hata mzazi mkweli huonekana anafunika utoro, kwa hiyo inafaa kuitazama kalenda kabla ya kuandika "juzi" au "wiki iliyopita".

Tarehe ya pili inagusa darasa zima. Streptokoka husambaa kwa matone ya mate mtoto anapozungumza, anapokohoa au kupiga chafya, na pia kwa kikombe kimoja kinachozunguka kwenye ndoo ya maji. Mtoto aliyeanza antibayotiki huacha kuwa hatari kwa wenzake baada ya takriban saa 12 hadi 24. Anapaswa pia awe hana homa, na homa iwe imeondoka yenyewe. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea pasipo nia mbaya. Mtoto anaamka na joto, anapewa panadoli saa kumi na mbili, saa moja na nusu yuko mstarini akichangamka. Ikifika saa tano dawa imekwisha nguvu, na mwalimu anamkuta amelaza kichwa juu ya dawati. Ndiyo maana barua ya Neema haikuishia kwenye "amepona". Inataja tangu lini hana homa, na mwalimu anajua kwamba hakuletwa kwa nguvu ya panadoli.

Tarehe ya tatu ndiyo ambayo karibu kila barua huisahau, na ndiyo ninayoihangaikia zaidi. Siku ya tatu ya dawa koo halimuumi tena mtoto. Anakula, anacheza, na chupa ya dawa bado ina zaidi ya nusu. Kishawishi cha kuiweka kabatini kwa ajili ya mdogo wake ni kikubwa, hasa pale pesa ilipopatikana kwa taabu. Lakini siku 10 hazikuwekwa kwa sababu ya maumivu. Zimewekwa ili kuwamaliza bakteria, kwa maana kinga ya mwili inayopambana na streptokoka inaweza baadaye kugeukia viungo na moyo wa mtoto mwenyewe. Ugonjwa huo huitwa homa ya baridi yabisi ya moyo. Huja kimya kimya, kwa kawaida wiki mbili hadi nne baada ya koo kupona: goti linavimba, linapoa, maumivu yanahamia kifundo cha mguu; mtoto anachoka upesi, au mikono inajirusha bila yeye kutaka. Kwa wengine milango ya moyo huharibika moja kwa moja, na miaka kadhaa baadaye wanajikuta kwenye vitanda vya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam wakisubiri upasuaji. Si kila mtoto aliyeugua koo hufika huko, ni wachache. Hata hivyo, kinga yake ni dawa ya bei nafuu, na inaweza kuzuia madhara hayo hata ikianzwa siku ya tisa tangu koo lianze kuuma.

Mwalimu hatakiwi kugeuka muuguzi. Akiwa na tarehe ya tatu mkononi anaweza kumuuliza mtoto tu, "Dawa umekunywa asubuhi?" Na wiki tatu baadaye, akimwona Neema anachechemea au anahema kwa kupanda ngazi chache, atakumbuka barua na kuwaita wazazi, badala ya kumwona mvivu.

Dawa ikiandikwa ya kunywa mara tatu kwa siku, dozi ya mchana huangukia saa za masomo na mara nyingi hurukwa. Muulize daktari kama inawezekana kupanga ya asubuhi na jioni pekee. Amoksilini kwa koo la streptokoka huweza kutolewa hivyo, kwa kipimo kinachopigwa kwa uzito wa mtoto. Njia nyingine ni sindano moja ya benzathini penisilini, ambayo huchukua nafasi ya siku zote 10. Hiyo huwafaa watoto wanaohangaika na dawa za kunywa. Mzazi aseme mapema kama mtoto aliwahi kudhurika na penisilini.

Kuhusu mapumziko, neno hilo peke yake halimsaidii mwalimu. Shuleni kuna mchakamchaka asubuhi, kufagia uwanja, kuchota maji, na mpira jioni. Ukiandika "asifanye kazi ngumu", kila mwalimu ataelewa kivyake, na mtoto hatakuwa na ujasiri wa kukataa fagio. Taja ni nini asifanye na mpaka siku gani. Usirefushe kupita alichosema daktari, kwani mtoto aliyekwisha kupona anahitaji kucheza.

Jambo moja la nyumbani nalitaja kwa sababu linaua. Koo la mtoto likiuma, huwa hakosi mtu wa kushauri akakatwe kimeo. Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia katikati ya koo, na hakihusiki na mafindofindo. Kukikata kwa wembe au kisu cha mganga kumesababisha watoto kutokwa damu nyingi, kupata pepopunda na maambukizi mengine.

Mtoto asingoje barua wala zamu ya kesho kama anahema kwa shida, anadondosha mate kwa kushindwa kuyameza, hawezi kufungua kinywa vizuri, au sauti yake imekuwa kama ya mtu mwenye chakula kinywani. Huenda usaha umekusanyika kando ya findo, na hapo ni kumkimbiza hospitali.

Siku za mapumziko zikiisha na mtoto bado hajaweza kurudi, mrudishe kwa daktari, kisha mwalimu apate ujumbe wa pili wenye tarehe mpya. Na kila barua ibaki na nakala nyumbani, hata kama ni picha ya simu. Daktari wa masikio, pua na koo anapofikiria kama mafindo yaondolewe kwa upasuaji, jambo mojawapo analouliza ni mtoto ameugua mara ngapi: kwa kawaida hutazama kama ni mara 7 au zaidi katika mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au mara 3 kila mwaka kwa miaka mitatu. Wazazi wengi hujibu "mara nyingi, daktari". Mzazi mwenye nakala za barua zake huzitoa mkobani na kumhesabia.