Mzee Anapopigana Usingizini

Ni karibu saa kumi za usiku katika mtaa mmoja wa mji wa Garissa. Bibi wa nyumba anazinduliwa na sauti ya mumewe, mzee wa miaka sitini na tatu aliyewahi kufanya biashara ya mbuzi. Mzee anapiga kelele, "Toka! Toka hapo!" na kabla mkewe hajajua kuna nini, ngumi imemfikia begani. Anajivuta pembeni na kumwita mara mbili. Mzee anaamka pale pale, akili yake timamu, na kueleza kuwa aliota fisi wameingia zizini naye akiwafukuza. Anapoliona bega la mkewe, anaingiwa na haya. Si mara ya kwanza. Tangu mwezi wa Rajabu hali hii imeshajirudia mara nne.

Tukio hili tumelitunga liwe mfano, ila hakuna kipande chake kilicho kigeni kwa madaktari wa usingizi. Katika nyumba zetu hutafsiriwa kwa njia mbili: ama jini amemwingia mzee, ama mzee ana kinyongo na mkewe ambacho mchana hukificha. Kisomo na dua vina nafasi yake, wala havizuii kwenda hospitali. Lakini tafsiri zote mbili huacha kando jambo moja linalostahili kujulikana, nalo ni kwamba hali hii ina chanzo ndani ya ubongo, na mara nyingine ni ishara ya mapema sana ya maradhi mengine.

Usingizi wa mwanadamu huenda kwa mizunguko, na kila mzunguko huchukua takriban dakika tisini. Ndani yake kuna kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope na ndoto huwa nyingi na zenye matukio. Katika kipindi hicho, sehemu ya chini ya ubongo iitwayo shina la ubongo huizima misuli ya mwili, isipokuwa ile ya kupumulia na ya macho. Ndiyo maana mtu huota anakimbia huku miguu yake imetulia. Mfumo huo ukilegea, mwili hutii ndoto. Anayeota anapigana hupiga kweli, na anayeota anaruka huanguka kitandani. Mwaka 1986, madaktari Carlos Schenck na Mark Mahowald wa Minnesota, Marekani, walieleza hali hii kuwa ugonjwa unaojitegemea. Waliogunduliwa kuwa nao wengi ni wanaume waliopita miaka hamsini, na mara nyingi ndoto zao ni za kujihami dhidi ya mnyama au adui. Mzee wetu hakuwa akimpiga mkewe. Alikuwa akipigana na fisi.

Mke ndiye shahidi, kwa kuwa mwenye kuota haoni afanyalo. Jambo la kwanza la kuangalia ni saa. Usingizi wa ndoto huwa mrefu zaidi kadiri usiku unavyokwisha, kwa hiyo vurugu hizi hutokea zaidi kuanzia saa nane au tisa hadi karibu na adhana ya alfajiri. La pili ni macho, ambayo kwa kawaida huwa yamefumba. La tatu ni namna anavyoamka: huzinduka upesi, anajitambua, na huweza kuisimulia ndoto inayolingana na vitendo vyake.

Mtoto anayepiga mayowe usiku ni habari nyingine. Yeye hufanya hivyo saa chache tu baada ya kulala, macho yakiwa wazi. Ukimwamsha hababaiki kidogo tu, bali hakutambui, na asubuhi hakumbuki kitu. Watoto wengi huiacha hali hiyo wanapokua. Kifafa cha usiku nacho hufanana kila kinapotokea: mwili hukakamaa au kutikisika kwa namna ile ile, na huenda mtu akajiuma ulimi au akajikojolea. Kuna pia wanaokoroma na kukatikiwa na pumzi usingizini, wakazinduka wakirusha mikono. Wengine huota jinamizi kwa sababu ya msiba waliouona. Mji wetu haujasahau shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, na aliyepitia jambo la namna ile huweza kupiga kelele usiku kwa miaka mingi. Kila mmoja kati ya hawa ana tiba yake, na ndiyo sababu ya kwanza ya kumwona daktari: asitibiwe asiyeumwa ugonjwa huo.

Sababu ya pili ni dawa. Baadhi ya dawa za sonona, kama fluoksetini na amitriptilini, huweza kuianzisha hali hii hata kwa kijana. Mgonjwa asiziache ghafla kwa uamuzi wake. Apeleke orodha kamili ya anachomeza, pamoja na kutaja miraa anayotafuna, kwani nayo huvuruga usingizi.

Sababu ya tatu ni nzito zaidi. Pale ambapo hakuna dawa wala chanzo kingine kilichoonekana, huenda shina la ubongo limeanza kudhoofika taratibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia wagonjwa 1,280 katika vituo 24 vya nchi mbalimbali. Ulikadiria kuwa baada ya miaka 12, karibu watatu kati ya kila wanne watakuwa wamepata ugonjwa wa Parkinson, aina fulani ya maradhi ya kusahau, au maradhi ya jamii hiyo. Hao ni watu waliothibitishwa na vituo vya mabingwa, si kila aliyewahi kupiga kelele usiku. Dalili zinazoongeza shaka ni kupoteza uwezo wa kunusa, choo kigumu cha muda mrefu, kizunguzungu anapoinuka, mkono unaotetemeka ukiwa umetulia, na hatua zinazokuwa fupi. Dawa ya kuyazuia maradhi hayo haijapatikana, lakini aliyejulikana mapema hufuatiliwa, na dalili zake hutibiwa zinapoanza.

Safari ya tiba huweza kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa kwa maelezo ya mke na uchunguzi wa mwili. Ikiwezekana, arekodi tukio moja kwa simu, kwa sitara, picha ya kuonwa na daktari pekee. Uthibitisho kamili huhitaji kulala usiku mmoja kwenye maabara ya usingizi, misuli na ubongo vikipimwa kwa nyaya, kipimo ambacho mara nyingi humaanisha rufaa ya Nairobi kwa bingwa wa mishipa ya fahamu. Dawa mbili ndizo hutumika zaidi, melatonini na klonazepamu. Hii ya pili huweza kumwangusha mzee kwa usingizi mzito na ni hatari kwa anayekatikiwa na pumzi, hivyo isinunuliwe dukani bila kuandikiwa.

Usiku wa leo usingoje rufaa. Godoro liwekwe chini, mbali na ukuta na dirisha. Panga, rungu, taa ya kioo na birika la moto viondolewe chumbani. Mke alale kwenye godoro lake mpaka hali itulie, na wanawe wasikufasiri huko kuwa ni ugomvi. Mzee anapoanza kupigana, asimshike wala kumtikisa, maana atachukuliwa kuwa ndiye fisi. Asimame mbali na amwite kwa jina alilozoea, mpaka ajibu.