Theluthi Mbili za Picha Hukokotolewa

Kihisi cha kamera, iwe ya simu au ya mpiga picha wa harusi, hakitambui rangi. Kila pikseli yake hupokea mwanga na kuugeuza kuwa namba moja tu: mwanga mwingi, namba kubwa, mwanga kidogo, namba ndogo. Ili rangi ipatikane, juu ya kila pikseli huwekwa kichujio kidogo sana kinachopitisha nyekundu, kijani au buluu. Pikseli iliyofunikwa kichujio chekundu inapima nyekundu, basi. Kijani na buluu za mahali pale hazipimwi na mtu. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha yenye namba milioni 36, yaani tatu kwa kila pikseli. Kati ya hizo, zilizopimwa ni milioni 12. Milioni 24 zilizobaki hukokotolewa.

Mpangilio wa vichujio unaotumika zaidi ulibuniwa na Bryce Bayer, mwanasayansi wa kampuni ya Kodak nchini Marekani, aliyepewa hataza yake mwaka 1976. Kila mraba wa pikseli nne una nyekundu moja, buluu moja na kijani mbili. Bayer aliipa kijani nusu ya nafasi zote kwa sababu jicho la binadamu hutegemea zaidi sehemu hiyo ya mwanga kuona mistari na maumbo madogo. Uamuzi huo tutauona ukifanya kazi tukifika kwenye hesabu.

Tuchukue kipande kidogo cha picha ya kitambaa cha rangi ya chungwa, mistari minne kwa safu nne. Kushoto ni vichujio (R ni nyekundu, G kijani, B buluu), na kulia ni namba zilizosomwa, kwa kipimo cha 0 hadi 255:

```
R G R G      200 120 204 124
G B G B      118  40 122  44
R G R G      196 116 200 120
G B G B      114  36 118  40
```

Njia ya bilinia, ambayo ni mojawapo ya njia rahisi, ina wazo moja: rangi inayokosekana hapa ichukuliwe kuwa wastani wa majirani wa karibu walioipima. Tuanze na mstari wa pili, safu ya pili, penye buluu ya 40. Kijani imeizunguka pande nne: juu 120, chini 116, kushoto 118, kulia 122. Jumla ni 476, ukigawa kwa nne unapata 119. Nyekundu ziko kwenye pembe nne: 200, 204, 196 na 200. Jumla ni 800, wastani 200. Pikseli ile sasa ina nyekundu 200, kijani 119, buluu 40, na hiyo ni rangi ya chungwa kama ilivyotarajiwa.

Sogea hatua moja kulia, penye kijani ya 122. Hapa hesabu inabadilika, kwa kuwa kijani ina majirani wawili tu wa kila rangi nyingine. Nyekundu ziko juu na chini, 204 na 200, wastani 202. Buluu ziko kushoto na kulia, 40 na 44, wastani 42. Ukishuka hadi kijani ya 116 iliyo mstari wa tatu, safu ya pili, pande zinageuka: nyekundu ndizo zilizo kushoto na kulia, 196 na 200, na buluu ndizo zilizo juu na chini, 40 na 36. Unapata nyekundu 198 na buluu 38. Anayeandika programu ya kazi hii hujikwaa hapo mara nyingi, kwa sababu kijani za mstari wa nyekundu na kijani za mstari wa buluu zahitaji hesabu mbili tofauti. Na akikosea mahali mpangilio unapoanzia, akadhani kona ya kwanza ni buluu ilhali ni nyekundu, hizo rangi mbili hubadilishana picha nzima. Dalili yake huonekana mara moja: nyuso za watu hugeuka za buluu.

Pembeni mwa picha majirani hawatimii. Pikseli ya kona ya juu kushoto, nyekundu ya 200, ina kijani kulia (120) na chini (118) tu. Tunachukua wastani wa hizo mbili, 119. Buluu iliyo karibu ni moja, 40, nayo inatosha.

Kwenye kitambaa chetu mambo yamekwenda vizuri kwa sababu rangi inabadilika polepole. Wastani una dhana ndani yake, kwamba majirani wote wako juu ya kitu kimoja. Sasa tuweke mpaka: nguo nyeusi kushoto, ukuta mweupe kulia. Vyote viwili havina rangi, kwa hiyo vichujio vyote husoma sawa, 20 kwenye nguo na 220 ukutani:

```
R G R G       20  20 220 220
G B G B       20  20 220 220
R G R G       20  20 220 220
G B G B       20  20 220 220
```

Rudi mstari wa pili, safu ya pili. Jibu sahihi tunalijua: 20, 20, 20. Lakini majirani wa kijani ni 20, 20, 20 na 220, wastani 70. Nyekundu za pembeni ni 20 mbili na 220 mbili, wastani 120. Tumepata 120, 70, 20, yaani kahawia mahali penye weusi mtupu. Pikseli iliyo chini yake ni ya kijani: nyekundu yake yatoka kushoto na kulia, 120, buluu yatoka juu na chini, 20. Hiyo ni 120, 20, 20, nyekundu iliyoiva.

Kasoro hapa ni mbili. Ya kwanza ni rangi ya uongo, wekundu usiokuwepo popote. Ukingo ungesogea safu moja kushoto, rangi hiyo ingekuwa ya buluu. Ya pili ni meno: ukishuka safu ile, kijani inakwenda 70, 20, 70, 20, na ukingo ulionyooka unaonekana kama zipu. Kuza picha kwenye nondo za dirisha au herufi nyeusi kwenye karatasi, utayaona meno hayo ikiwa kamera ilitumia njia hii. Angalia pia kwamba kijani imepotoka kwa 50 ilhali nyekundu imepotoka kwa 100. Wingi wa kijani alioutaka Bayer ndio umepunguza kosa, na umelipunguza kwenye rangi ambayo jicho huitegemea zaidi.

Dawa ya mwanzo ni kutazama kabla ya kujumlisha. Kwenye pikseli ile ile, tofauti ya kijani ya kushoto na kulia ni 200. Ya juu na chini ni 0. Ukingo basi umesimama wima, na wastani uchukuliwe juu na chini tu: kijani 20, jibu sahihi. Kisha, badala ya kukadiria nyekundu yenyewe, tunakadiria tofauti ya nyekundu na kijani. Kwenye nyekundu zote nne tofauti hiyo ni 0, upande wa nguo na upande wa ukuta pia, kwa hiyo nyekundu nayo inakuwa 20.

Kuna mahali hata dawa hii inakwama. Chukua kitambaa cha mistari myembamba kiasi kwamba safu moja ya pikseli ni nyeusi na inayofuata ni nyeupe. Nyekundu zote ziko safu ya kwanza na ya tatu, kwa hiyo zote husoma 20. Buluu zote ziko safu ya pili na ya nne, nazo husoma 220. Kwa njia ya bilinia kitambaa chote kitapakwa buluu. Ukilinganisha tofauti za kijani penye pikseli ya buluu, kushoto na kulia ni 20 na 20, juu na chini ni 220 na 220. Ni 0 kwa 0, na kanuni haina pa kuelekea. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huweka mbele ya kihisi kioo chembamba kinachotawanya mwanga kidogo, ili mstari mwembamba namna hiyo uguse pikseli zaidi ya moja kabla haujapimwa. Picha hupoteza ukali kiasi, na malipo yake ni mistari inayobaki bila rangi ya bandia.